Dinari ya Saa Kumi na Moja

Bwana Yesu asifiwe.

Ndugu wainjilisti, makatekista na wazee wa kanisa, nanyi wakulima wa zabibu mliotoka Hombolo na Mpunguzi kuja kukaa nasi katika semina hii: mlipoombwa kuandika fungu la Injili linalowatatiza kulihubiri, wengi wenu mliandika Mathayo 20, mstari wa 1 hadi wa 16. Ni mfano wa wakulima walioajiriwa saa mbalimbali, jioni wakalipwa sawa, na wale wa kwanza wakanung'unika. Mmoja wenu aliandika kwamba akilisoma fungu hili kanisani, wanaokunja uso ni wale waumini wenye bidii, wanaofagia kanisa, wanaotoa zaka na wasiokosa jumuiya. Hilo ndilo nataka tulitazame leo. Mfano huu hauwasumbui wavivu. Unamsumbua mtu mwadilifu, na unamsumbua kwa sababu amejengewa njia ya kusumbuka hatua kwa hatua. Msimulizi angetaka, angeyakwepa manung'uniko yale kwa sentensi moja. Hakuyakwepa.

Tuanze na mapatano. Mwenye nyumba, aliye na shamba la mizabibu, anatoka alfajiri na kupatana na wakulima wa kwanza: kutwa, dinari. Hapo hakuna shida, kila mtu anajua anachokwenda kupata. Anatoka tena saa tatu, anawakuta wengine sokoni, na hawa hawatajii kiasi. Anawaambia, "iliyo haki nitawapa." Saa sita na saa tisa anafanya vivyo hivyo. Saa kumi na moja, jua likielekea kuzama, anatoka mara ya tano. Wale wa mwisho hawaambii habari ya malipo kabisa. Anawaambia tu waende shambani, nao wanakwenda.

Hebu angalieni jinsi mapatano yanavyopungua kadiri jua linavyoshuka. Wa kwanza wana kiasi kilichotajwa, wa katikati wana ahadi ya haki, wa mwisho hawana kitu mkononi isipokuwa neno la mtu wasiyemjua. Msomaji anayefuata kwa makini ameshaanza kupiga hesabu kichwani. Siku ya kazi ni saa kumi na mbili, toka macheo hadi machweo, kama tunavyohesabu sisi hadi leo. Aliyeingia saa tatu amefanya saa tisa, basi haki yake ni robo tatu ya dinari. Wa saa sita nusu, wa saa tisa robo. Wa saa kumi na moja ni sehemu moja ya kumi na mbili. Hesabu hiyo haina kosa. Neno "haki" ndilo lililotuingiza humo, na hapo ndipo mfano unapotushika.

Sasa niwaonyeshe hiyo sehemu ya kumi na mbili ilikuwa nini. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi uliokamilishwa karibu mwaka 200, una sehemu inayohusu haki za maskini. Humo imeandikwa kwamba maskini anayepita kutoka mji hadi mji asipewe chini ya mkate mmoja wa thamani ya pundioni, wakati ambapo ngano sea nne zinauzwa kwa sela moja. Sela moja ni dinari nne, kwa hiyo kwa bei hiyo dinari ilinunua sea moja ya ngano, yapata lita nane au zaidi kidogo. Na pundioni kumi na mbili hufanya dinari moja.

Yaani mtu aliyelipwa kwa saa moja aliyofanya kazi angeondoka na pundioni. Angeondoka na kile ambacho sheria ilikitaja kuwa kiwango cha chini kabisa cha sadaka kwa msafiri maskini: mkate mmoja, wa mtu mmoja. Ana mke na watoto wanne nyumbani? Mkate ni ule ule mmoja. Mishna iliandikwa miaka mingi baada ya Yesu na bei za ngano hupanda na kushuka, hivyo sisemi kwamba hii ndiyo bei ya siku ile ile. Lakini inatupa kipimo. Dinari haikuwa utajiri. Ilikuwa ujira wa kutwa wa mtu wa kawaida, wa kununua unga na mafuta na kubakiza kidogo kwa ajili ya siku ambazo hakuna kazi. Na siku za namna hiyo zilikuwa nyingi. Ukigawanya dinari mara kumi na mbili, unapata haki ya hesabu na njaa ya watoto.

Kwa hiyo yule wa saa kumi na moja ana mahitaji gani? Ana mahitaji ya mtu mzima kamili. Tumbo la mwanawe halikupungua kwa sababu baba alichelewa kuajiriwa. Na kwa nini alichelewa? Wahubiri wengi wamewaita hawa wavivu. Wapo wanaosema walilala mpaka mchana, ndipo wakaja sokoni. Maandiko hayasemi hivyo. Mwenye nyumba mwenyewe aliwauliza mbona wamesimama mchana kutwa bila kazi, na jibu lao ni fupi: "Kwa kuwa hakuna mtu aliyetuajiri." Wala hakuwabishia. Aliyewahi kusimama sokoni akisubiri kibarua anajua ni nani huchukuliwa alfajiri: kijana, mwenye kifua, mwenye jembe lake. Anayebaki hadi jioni ni mzee, au mgonjwa, au mgeni asiyejulikana na mtu. Hilo la mwisho ni wazo langu, Mathayo hakulieleza. Lakini amesema wazi kwamba walisimama kutwa nzima. Kusimama hivyo, ukitazama wenzako wakichukuliwa mara nne na wewe ukiachwa, nayo ni hari ya mchana.

Sasa twende jioni, maana hapo ndipo fundo lilipo.

Torati inaagiza kibarua alipwe siku ile ile. Kumbukumbu la Torati 24 inasema jua lisichwe kabla hajapewa ujira wake, kwa kuwa ni maskini na moyo wake umeutumainia. Mwenye shamba wetu anatii. Jua linapokuchwa anamwita msimamizi wake. (Kumbe alikuwa na msimamizi muda wote huo, na bado alikwenda sokoni mwenyewe mara tano.) Anamwambia awalipe, "ukianzia wa mwisho hata wa kwanza."

Maneno hayo machache ndiyo yanayozaa ugomvi wote. Geuzeni utaratibu muone. Wa alfajiri wanaitwa kwanza, kila mmoja anapokea dinari yake kama walivyopatana, wanashukuru, wanachukua majembe, wanakwenda nyumbani. Wa saa tatu wanapokea dinari, wanafurahi kuliko walivyotarajia. Mwisho, wale wa saa kumi na moja wanapokea dinari, nao hawaamini macho yao. Fedha iliyotoka ni ile ile hadi sarafu ya mwisho. Hakuna aliyenung'unika, kwa kuwa hakuna aliyeona. Shamba zima linalala kwa amani.

Mwenye shamba hakutaka amani ya namna hiyo. Alitaka wa kwanza waone. Waliposimama kwenye mstari wakaona dinari ikiwekwa katika kiganja cha mtu aliyefanya kazi saa moja, wakaanza kupiga ile hesabu yetu, safari hii kwa kwenda juu: ikiwa saa moja ni dinari, basi saa kumi na mbili ni dinari kumi na mbili. Mathayo anasema "walidhani kwamba watapokea zaidi." Matumaini hayo hayakuwapo alfajiri. Yamezaliwa kwenye mstari ule, kwa kutazama mkono wa mwingine. Walipopewa dinari moja, ile dinari ya asubuhi iliyokuwa ujira mzuri ikageuka kuwa dhuluma.

Sikilizeni tena shtaka lao, kwa sababu msomaji mwadilifu husikia sauti yake ndani yake: "Hao wa mwisho wametenda kazi saa moja tu, nawe umewasawazisha na sisi tuliostahimili taabu na hari za mchana kutwa." Hawakusema umetupunja, maana walijua hawakupunjwa. Walisema umewasawazisha na sisi. Kinachowauma ni kwamba ile tofauti kati yao na wengine, ambayo waliinunua kwa jasho toka alfajiri, imefutwa mbele ya watu. Nami nawaomba msiwadharau. Taabu yao ilikuwa ya kweli, na jua lile lilikuwa kali kweli. Mnaopogolea mizabibu hapa Dodoma mnajua mgongo unavyokuwa saa tisa. Ukihubiri fungu hili kana kwamba hawa ni watu wabaya, umekwisha kulikosa, na waumini wako watajua kwamba hujawahi kushika jembe kutwa nzima.

Kuna simulizi nyingine ya Kiyahudi inayofanana sana na hii, na ni vizuri tuziweke pamoja. Inapatikana katika Talmudi ya Yerusalemu, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, katika kitabu kiitwacho Berakhoti. Rabi Buni mwana wa Hiya alifariki akiwa kijana wa miaka 28, na Rabi Zeira akatoa mfano kwenye maombolezo yake. Mfalme aliajiri vibarua wengi. Mmoja alikuwa hodari kupita wote, basi mfalme akamshika mkono akawa anatembea naye huku na huko. Jioni yule hodari akapewa ujira kamili kama wenzake. Wakalalamika: sisi tumechoka kutwa nzima, huyu amefanya kazi saa mbili tu. Mfalme akawajibu kwamba huyu alifanya kwa saa mbili zaidi ya walichofanya wao kutwa nzima. Ndivyo kijana huyu alivyojifunza Torati katika miaka yake 28, alisema Rabi Zeira, kiasi ambacho mwanafunzi hodari hawezi kukifikia katika miaka mia moja.

Simulizi hiyo ni nzuri, tena ya faraja kwa wafiwa. Na haimsumbui mtu, kwa kuwa hesabu imekubali. Malipo sawa, kazi haikupungua, ila muda tu ndio uliotofautiana. Mfano wa Yesu ungeweza kupewa mkia huo huo. Mwenye shamba angeweza kusema: hawa wa mwisho wamevuna sana kuliko ninyi, kaangalieni vikapu vyao. Hakusema. Baadhi ya wahubiri wetu humsemea, wakidai kwamba wa saa kumi na moja walifanya kazi kwa moyo zaidi. Hiyo ni kumpa Yesu mfano wa Rabi Zeira. Katika Mathayo wa mwisho hawana sifa hata moja ya kuwatetea. Wanakuja, wanafanya saa moja, wanalipwa kama watu kamili.

Wengine wametafuta njia ya kutokea kwa kuwagawa wahusika. Tangu karne za kwanza walikuwapo walimu waliosoma zile saa kuwa ni vipindi vya historia, toka Adamu na Nuhu hadi kuja kwa Kristo, na wengine wakasema ni umri wa mtu, utoto hadi uzee. Huo wa umri umewafariji wengi waliookoka uzeeni. Ila ipo njia moja ninayoikataa kwa nguvu zangu zote, inayosema wa kwanza wenye husuda ni Wayahudi na wa mwisho ni sisi Wakristo. Msimulizi ni Myahudi, wasikilizaji wake ni Wayahudi, sheria ya malipo ya jioni ni ya Torati. Tena kusoma hivyo kunatutoa kwenye mstari wa malipo na kutuweka pembeni, tukiwatazama wengine wakikosea. Mfano haukutungwa ili utazamwe ukiwa pembeni.

Sasa jibu la mwenye shamba. Kwangu mimi sehemu yake moja ni ngumu kweli, wala sitaki kuilainisha. Anasema, "Si halali yangu kutumia vilivyo vyangu kama nipendavyo?" Mpeni tajiri yeyote sentensi hiyo peke yake muone atafanya nini nayo. Atawalipa vibarua anavyopenda, atamchagua ndugu yake, atamnyima aliyemsema. Wako wasomaji, hasa wanaotetea haki za wafanyakazi, wanaofunga Biblia wakifika hapo, na nawaelewa.

Lakini mstari huo umefungwa pande zote mbili. Kabla yake mwenye shamba amesema, "Rafiki, sikudhulumu, hukupatana nami kwa dinari?" Hakumlipa mtu chini ya mapatano, wala hakuchelewesha hadi kesho. Hiari yake inaanzia juu ya haki, haiingii chini yake. Anayechelewesha ujira wa watu hana nafasi ya kuunukuu mstari huu. Huyo amepewa mstari wake katika Yakobo 5:4, kuhusu ujira uliozuiliwa unaopiga kelele. Na baada ya mstari huo linakuja swali la jicho: "Au jicho lako limekuwa ovu kwa sababu ya mimi kuwa mwema?" Wasikilizaji wa Yesu walilijua jicho hilo. Kumbukumbu la Torati 15 inamwonya mtu ambaye anaona mwaka wa maachilio wa madeni umekaribia, kisha jicho lake likawa ovu juu ya nduguye maskini, asimkopeshe kwa kuogopa kwamba deni litafutwa. Huyo naye amepiga hesabu sahihi. Kwa hesabu, kukopesha mwezi mmoja kabla ya madeni kufutwa ni hasara tupu. Torati inasema hesabu hiyo ni dhambi.

Tena ni nani anayeweza kusema "vilivyo vyangu" kwa ukamilifu? Mambo ya Walawi 25 inasema nchi ni ya Mungu, na Waisraeli ni wageni na wasafiri ndani yake. Mwenye shamba wa mfano anasimama mahali pa Mungu, na kutoka mahali hapo sentensi ile inasemeka. Sisi wenye mashamba yetu tumeazimwa.

Mtu ataniuliza: na kesho yake je? Nani atakuja alfajiri, ikiwa saa kumi na moja inalipa sawa? Swali ni la haki kabisa. Mfano hautoi jibu kwa sababu umeishia jioni ile ile, na anayetaka kuugeuza kuwa kanuni ya mishahara ya kampuni atakwama asubuhi ya pili. Ila tusidhani kwamba kulipa kwa kuangalia njaa lilikuwa jambo lisilosikika katika nchi ile. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1, anaeleza kwamba ujenzi wa hekalu la Yerusalemu ulipokamilika, vibarua zaidi ya 18,000 walibaki bila kazi, na watu wakamwomba mfalme Agripa wa Pili awatafutie nyingine. Akakubali mji utandazwe mawe meupe. Katika habari hiyo hiyo anasema kwamba mtu akifanya kazi hata saa moja ya siku, alilipwa papo hapo. Yaani mji mzima ulijua kwamba watu waliosimama bila kazi ni tatizo la wote, wala si aibu yao peke yao.

Nimebakiza jambo la namna ya kulisoma fungu hili kanisani, na ndilo naliona kubwa kuliko yote kwa kazi yenu. Sura za Biblia ziligawanywa katika karne ya 13. Mgawanyo huo umekata mahali pabaya. Kitabu cha masomo cha Kanisa Katoliki kinaliweka fungu hili Dominika ya 25 ya mwaka A, na somo linaanza na mstari wa kwanza wa sura ya 20. Kwa hiyo siku hiyo waumini hawasikii kwamba kuna mtu aliyeuliza swali. Muulizaji yuko 19:27. Kijana tajiri ameondoka kwa huzuni, na Petro anasema, "Tazama, sisi tumeacha vyote tukakufuata, tutapata nini basi?"

Petro ndiye mkulima wa alfajiri. Ameacha nyavu, ameacha nyumba, anauliza ujira wake. Na Yesu hamkemei. Anamwahidi viti na mara mia. Anampa mapatano, kama mwenye shamba alivyopatana na wa kwanza. Ndipo anaongeza kwamba wengi walio wa kwanza watakuwa wa mwisho, na papo hapo anasimulia mfano. Haukusemwa kwa Mafarisayo wala kwa makutano. Umesemwa kwa wale waliotangulia kazini. Na mistari michache baada ya mfano, mama wa wana wa Zebedayo anakuja kuomba viti viwili, mkono wa kuume na wa kushoto, na wale kumi wanakasirika. Walikuwa wameusikia mfano, na wamekwisha kujipanga tena kwenye mstari, kila mmoja akitazama mkono wa mwenzake.

Kwa hiyo msianze na 20:1. Aanze msomaji na 19:27, aende bila kukatiza mpaka 20:28. Ni dakika sita au saba za kusoma taratibu. Halafu, kabla ya kuhubiri, mwachieni nafasi yule muumini mwenye bidii aliyekunja uso aseme shtaka lake lote, kwa maneno yake mwenyewe, bila kumkatisha. Yule mkulima aliruhusiwa kulisema lake mpaka mwisho, na ndiye aliyejibiwa.

Asanteni. Sasa ni zamu ya maswali yenu.